Mdau Anayeweza Kukwamisha Mabadiliko Haonekani kwenye Orodha ya Vyeo

Juma lililopita msomaji mmoja ambaye ni meneja wa idara aliniandikia kwa masikitiko. Mabadiliko aliyoyapendekeza yalipitishwa kikaoni bila mtu hata mmoja kupinga, lakini hadi leo kazi inafanyika kwa utaratibu ule ule wa zamani. Aliniambatishia ramani yake ya wadau. Alikuwa ameichora katika miraba minne inayofahamika kwa kila aliyesomea uongozi, upande mmoja nguvu aliyonayo mdau na upande wa pili kiasi anachojali, na ndani yake aliandika wakuu wa idara peke yao. Nilipoiona nilijua mara moja mahali alipokwama, kwa sababu niliwahi kupewa kazi iliyokuwa imemshinda mwenzangu kwa namna hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuondoa fomu za karatasi katika manunuzi na kuweka mfumo wa kompyuta. Aliyenitangulia aliiacha njiani, na wakubwa wakaamini kwamba kilichomkwamisha ni teknolojia. Mimi sikuanza na mfumo wala na chati ya muundo wa taasisi. Nilichukua fomu moja ya maombi iliyokwisha kukamilika, nikaifuata meza kwa meza kwa mpangilio ule ule iliopitia: mwombaji, mkuu wa idara yake, mtunza stoo anayethibitisha kwamba kifaa hakipo, afisa manunuzi anayekusanya bei za wauzaji, mhasibu mkuu anayeangalia kama fungu bado lina fedha, kisha meneja wa fedha anayetia saini ya mwisho. Katika kila meza niliuliza kinachofika hapo, kinachofanyika hapo, na kinachotokea mwenye meza asipokuwepo.

Swali la tatu ndilo lililonipa ramani. Wengi walijibu kwamba msaidizi huendelea na kazi. Mtunza stoo alijibu kwamba asipokuwepo, fomu humsubiri. Nilipozidi kumdadisi nikagundua kwamba orodha ya vifaa vyote, pamoja na vile ambavyo idara mbili huviita kwa majina mawili tofauti, ilikuwa katika daftari lake na kichwani mwake. Mfumo mpya usingeweza kufanya kazi hata siku moja bila orodha hiyo kuingizwa na kila kifaa kupewa nambari yake. Mtu huyu hakuwa na mamlaka ya kukataa jambo lolote, wala hakuwahi kualikwa kikaoni, lakini angeweza kuyazima mabadiliko yote kwa kuchelewesha orodha tu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kwa hiyo jedwali langu lilikuwa na safu tatu mbele ya kila jina: anachopata, anachopoteza, na anachoweza kuzuia bila kuomba ruhusa ya mtu. Safu ya pili ndiyo inayohitaji subira, kwa sababu hasara nyingi si za fedha wala hazitamkwi. Mtunza stoo alikuwa anapoteza heshima ya kufuatwa na wakuu wa idara wakimwomba awatangulizie maombi yao. Afisa manunuzi alikuwa anapoteza faragha, maana mfumo ungeonyesha ombi limekaa mezani kwake kwa muda gani. Mhasibu mkuu alikuwa anapoteza uwezo wa kusema fungu limekwisha bila kulazimika kumwonyesha yeyote hesabu. Waombaji ndio waliokuwa wanapata, na walikuwa wengi kuliko wote, ila faida ya kila mmoja ilikuwa ndogo, yaani kusubiri kidogo kuliko zamani. Msomaji wangu azingatie hapo. Faida iliyotawanyika kwa watu wengi haimpi yeyote sababu ya kutosha ya kusimama kuitetea, wakati hasara inayomwangukia mtu mmoja humpa sababu ya kuipigania kila siku.

Baada ya jedwali kukamilika, nilimshughulikia kila mmoja kulingana na hasara yake. Mtunza stoo alifanywa msimamizi rasmi wa orodha ya vifaa, na ikaandikwa katika utaratibu kwamba hakuna kifaa kipya kinachoingizwa kwenye mfumo kabla yeye hajakipa nambari. Orodha niliyoambiwa isingepatikana ikaletwa kabla ya wakati. Kwa afisa manunuzi tulikubaliana kwamba muda wa kusubiri majibu ya wauzaji usihesabiwe kuwa ucheleweshaji wake, jambo ambalo lilikuwa haki yake tangu mwanzo. Meneja wa fedha alihofia kwamba saini ya kwenye kompyuta isingekubaliwa na wakaguzi, basi nikamwomba mkaguzi wa ndani aandike mapema ni ushahidi gani angeuridhia. Mkaguzi huyo alikuja na pingamizi ambalo kila meneja angelitamani: aligundua kwamba mtu anapomkaimu mkuu wake, mfumo ungemruhusu kuomba na kujiidhinishia ombi lile lile. Tulirekebisha kasoro hiyo. Anayepinga kwa hoja ya namna hiyo humjengea meneja kazi yake, na ni kosa kubwa kumweka katika kundi moja na anayelinda nafasi yake.

Njia ninayoitumia kuwatofautisha ni kumuuliza anayepinga ni kitu gani kikibadilika atakubali. Mwenye hoja hutaja jambo mahususi, na likitimizwa hurudi kazini. Anayelinda nafasi hutaja jambo, likitimizwa hutaja jingine. Mhasibu mkuu alikuwa wa namna hiyo. Kikaoni alisema anaunga mkono kwa moyo wote na hakuuliza swali lolote. Ofisini alirudisha maombi ya kwenye mfumo akidai muhuri ambao mfumo haukuuhitaji, kisha akaomba karatasi na kompyuta zitumike sambamba mpaka watu wazoee. Alichokuwa anapoteza hakikuwa na fidia, kwa sababu kukiondoa ndiko kulikuwa lengo la mabadiliko. Kwa mtu kama huyo mazungumzo yana mwisho. Nilikwenda kwa mkurugenzi, ambaye peke yake angeweza kumzidi, na sikumwomba amkemee. Nilimwomba jambo moja tu, atangaze tarehe ambayo baada yake hakuna fomu ya karatasi itakayopokelewa. Utaratibu wa zamani ukiachwa uende sambamba na mpya bila tarehe ya kukoma, anayetaka kuzuia hahitaji kufanya lolote zaidi ya kungoja.

Mfumo ule ulisimama, na ninajivunia. Siku ya kuuzindua rasmi, mhasibu mkuu ndiye aliyeshukuriwa hadharani kwa ushirikiano wake, na jina langu halikutajwa. Jambo hilo bado linaniuma, lakini nililiona ndani ya jedwali langu kabla halijatokea, maana shukrani ile ilikuwa sehemu ya heshima ambayo mkurugenzi alihitaji kumrudishia.

Ndugu meneja, iweke kando ile miraba minne kwa sasa. Chukua hati moja iliyokamilika katika utaratibu unaotaka kuubadilisha, uifuate mwenyewe kuanzia ilipoanzia, na usimtume msaidizi, kwa sababu watu hawatamweleza yeye kinachotokea wasipokuwepo. Jedwali utakalolipata lisitoke mikononi mwako, hata kwa rafiki, kwani mtu akisoma jina lake kwenye safu ya wanaoweza kuzuia atakuwa mpinzani hata kama hakuwa na nia hiyo. Ulipitie upya kila hatua ya utekelezaji inapoanza. Kwetu, karatasi zilipokoma, waombaji waliokuwa upande wangu waligeuka kuwa walalamikaji wakuu, kwa sababu ombi lenye pengo sasa lilikataliwa papo hapo na mfumo, wakati zamani mtunza stoo alikuwa akiwajazia.