Aidha, hata hivyo na hivyo katika insha

"Mwalimu amezungushia aidha na hivyo kwenye insha yangu. Si vyote ni viunganishi tu?"

Mchangiaji aliyetangulia amesema kwamba hivyo huonyesha matokeo na kwamba aidha ni sawa na ama. Kuhusu neno hivyo yuko sahihi, ila aidha si sawa na ama. Matumizi ya "aidha uje au ubaki" yameenea, nadhani kwa kuvutwa na sauti ya neno la Kiingereza, lakini katika insha aidha huongeza hoja inayosukuma upande uleule. Tazama sentensi yako: "Kijiji kilichimbiwa kisima. Aidha, wanawake bado wanatembea saa mbili kufuata maji." Msomaji aliyeona aidha alitarajia faida ya pili, kama tangi au bomba, kisha akakutana na jambo linalopinga matarajio ya kisima, hapo panahitaji hata hivyo.

Neno hivyo hudai chanzo kilichokwisha kutajwa. Ukiandika "Kuna kisima, hivyo wanawake wanakwenda mtoni", geuza kwa kutumia kwa sababu: "Wanakwenda mtoni kwa sababu kuna kisima." Upuuzi unajitokeza mara moja. Tatizo ni kwamba uliruka sentensi ya katikati, kwamba pampu iliharibika, na hakuna kiunganishi kinachoweza kuziba pengo hilo.

Kuhusu licha ya hayo, wenzetu wawili hapo juu wanabishana bure kama hupinga au huongeza, maana wapo wanaoitumia kupinga na wapo wanaoitumia kuongeza. Mimi hutumia hata hivyo ninapopinga.