Hoja kuu kwanza, picha baadaye: kuandaa ikisiri ya picha na hoja kuu za makala ya jarida

Makala imekwisha, waandishi wenza wameridhia, unafungua Editorial Manager ili uiwasilishe, na mfumo unakudai mafaili mawili ambayo hamkuyapangia muda: `Highlights` na `Graphical Abstract`. La kwanza ni orodha fupi ya hoja kuu, la pili ni ikisiri ya picha. Nimewasaidia wenzangu wengi chuoni kufika hatua hii, na karibu wote huanza na picha kwa sababu ndiyo inayowatia hofu. Mimi nawaambia waanze na hoja kuu. Picha nzuri hutoka ndani ya hoja moja kati ya hizo, na hoja zikiwa hazijakaa sawa, utachora picha isiyojua inasema nini.

Nitazungumzia majarida ya Elsevier, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayokutana nayo. Kanuni ya hoja kuu ni hoja tatu hadi tano, kila moja isizidi herufi 85, nafasi zikihesabiwa, katika faili linaloharirika la peke yake lenye neno Highlights kwenye jina lake. Jarida likiwa la Kiingereza, bila shaka utaziandika kwa Kiingereza. Hapa nazionyesha kwa Kiswahili kwa sababu kazi ya kukata maneno ni ile ile.

Tuchukue makala ya mfano, ambayo namba zake nimezitunga kwa ajili ya zoezi hili. Inahusu mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaotumika kuondoa floraidi kwenye maji ya visima, kama yale ya vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, ambako miamba ya volkeno huyapa maji floraidi nyingi. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Watafiti wetu wa mfano walichoma mifupa kwa nyuzi 500 na kwa nyuzi 700, wakapitisha maji, wakapima.

Rasimu ya kwanza ya hoja kuu huwa hivi:

"Floraidi ni tatizo kubwa la maji ya chini ya ardhi katika maeneo ya volkeno Afrika Mashariki."

"Matokeo yanaonyesha kwamba mkaa wa mifupa una uwezo mkubwa wa kupunguza kiwango cha floraidi katika maji."

Ya kwanza ina herufi 92 hata kabla ya nukta, lakini urefu si kosa lake kubwa. Ni usuli. Ilijulikana kabla utafiti haujafanyika, na msomaji anayepitia jarida hilo anaijua tayari. Ya pili ina herufi 104, na maneno "Matokeo yanaonyesha kwamba" peke yake yamekula 27 bila kuleta habari yoyote. "Uwezo mkubwa" nao hauna kipimo. Sababu ya rasimu kuwa hivi ni moja: mwandishi amefungua ikisiri yake na kukata sentensi zake vipande. Ikisiri huanza na usuli, kwa hiyo hoja ya kwanza inakuwa usuli.

Ifunge ikisiri. Fungua sura ya matokeo, pitia kila jedwali na kila kielelezo, na kwa kila kimoja andika sentensi moja yenye kitenzi cha tukio na namba. Kwenye makala yetu zinapatikana hizi:

"Mkaa wa mifupa ulishusha floraidi kutoka 8.2 hadi 1.1 mg/L" (herufi 58)

"Kilo moja ya mkaa ilisafisha lita 180 kabla ya kuvuka 1.5 mg/L" (herufi 62)

"Mkaa uliochomwa kwa 700 °C ulinasa floraidi nusu tu ya ule wa 500 °C" (herufi 68)

"Kuuosha kwa sodiamu haidroksaidi kulirudisha asilimia 80 ya uwezo wa mkaa" (herufi 73)

Kila hoja inaweza kusomwa peke yake, kwa kuwa hakuna "huu" au "hilo" linalotegemea hoja iliyotangulia. Hakuna vifupisho vya maabara pia. Kama ndani ya makala mkaa wa nyuzi 500 mliubatiza MM500, jina hilo libaki humo humo, kwani anayesoma hoja kuu hajafika mahali mlipolieleza.

Usihesabu herufi kwa macho. Bandika hoja kwenye safu ya A ya Excel au Google Sheets, kila moja kwenye seli yake, na kwenye safu ya B weka:

```
=LEN(A1)
```

Iburute chini. Chochote kilichozidi 85 kinarudi kukatwa. Ukiona umebaki na 88 au 90, tafuta kwanza vivumishi na vielezi. Ni nadra sana nikakosa herufi tano za kuondoa hapo.

Sasa picha. Swali la kuamua ni moja: kati ya hoja hizi, ipi haikuwa inajulikana kabla yenu? Kwamba mkaa wa mifupa hunasa floraidi si habari mpya. Kwenye makala yetu habari ni kuwa kuchoma kupita kiasi kunauharibu mkaa. Basi picha inachorwa kwa ajili ya hoja ya tatu, na hizo nyingine zinabaki kwenye maandishi. Hapa ndipo ninapobishana zaidi na waandishi wenza, maana kila mmoja anataka sehemu yake ionekane: aliyeosha mkaa anataka uoshaji uwemo, aliyepiga picha za hadubini anataka zipachikwe. Ukiwakubalia wote unapata bango la mkutano lililobanwa kwenye sentimita chache.

Ukubwa ndio unaoamua mengi. Elsevier wanataka picha yenye angalau pikseli 531 kwa kimo na 1328 kwa upana, au zaidi kwa uwiano huo huo, na isomeke ikionyeshwa kwa sentimita 5 kwa 13 kwenye skrini ya kawaida. Kwa hiyo upana ni mara mbili na nusu ya kimo, umbo refu la kulala. Ukiwa na PowerPoint, kabla hujachora chochote nenda `Design`, `Slide Size`, `Custom Slide Size`, weka upana sentimita 25 na kimo sentimita 10. Nachagua vipimo hivyo kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: picha ikishuka hadi kimo cha sentimita 5, kila kitu kimekuwa nusu. Herufi ya pointi 16 unayoiona kwenye slaidi itakuwa pointi 8 kwa msomaji. Pointi 12 itakuwa 6, na hiyo ni ndogo mno. Mimi sishuki chini ya 16, na fonti ni Arial.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini kubandika grafu ya makala haifai. Grafu iliyochorwa kwa upana wa sentimita 17 ikiwa na namba za pointi 9 kwenye mihimili, ukiipa theluthi ya picha yako, yaani kama sentimita 4 kwenye skrini, namba zake zinabaki pointi 2. Hazisomeki kabisa. Chukua namba mbili zinazobeba hoja, uzichore upya.

Picha ya mfano wetu inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto kuna mchoro wa mifupa. Katikati kuna matanuri mawili, moja juu ya jingine, la juu limeandikwa 500 °C na la chini 700 °C, na mishale inatoka kwenye mifupa kwenda kwa yote mawili. Kulia, mbele ya kila tanuri, kuna mstatili mmoja wa lita zilizosafishwa kwa kilo moja ya mkaa: 180 juu, 90 chini. Mstatili wa 90 uwe nusu kamili ya ule wa 180. Bofya umbo na usome urefu wake kwenye `Shape Format`, usikadirie. Tumia bluu na chungwa badala ya nyekundu na kijani, kwa sababu wapo wasomaji wasiotofautisha hizo mbili. Usiweke kichwa cha makala wala maneno "ikisiri ya picha" ndani yake. Maneno yote yaliyomo hayafiki ishirini.

Kuna kishawishi kimoja ninachokipiga marufuku kila mara. Mtu huongeza upande wa kulia mtoto anayetabasamu kwa meno meupe, kwa kuwa floraidi nyingi huyaharibu meno. Lakini utafiti huu haukupima meno ya mtu yeyote; ulipima maji. Picha hiyo inadai jambo ambalo makala haikulithibitisha, na mhakiki makini ataliuliza. Na hata kama lingefaa, picha ya kuokota mtandaoni ina mwenyewe, na jarida litataka ruhusa yake. Chora maumbo yako mwenyewe.

Ukimaliza, usihifadhi kwa PNG ya kawaida ya PowerPoint. Kwa chaguo-msingi hutoa pikseli 96 kwa inchi, hivyo slaidi ya sentimita 25 inatoka na pikseli kama 945 kwa upana, chini ya 1328 zinazotakiwa. Ihifadhi kama PDF, ambayo inakubalika na haipotezi ukali wa mistari, au upeleke faili la PowerPoint lenyewe. Kisha ifungue kwenye skrini, ipunguze hadi ufikie kama sentimita 13 kwa rula, na umwite mtu asiye wa mradi wenu. Muulize amejifunza nini. Akikujibu "mkaa unasafisha maji", mistatili haijaonekana vya kutosha. Akisema "kumbe msiuchome sana", ipakie.

Nenda sasa kwenye majarida ya nyumba nyingine na vipimo vinabadilika. Mengi ya Jumuiya ya Kemia ya Marekani hutaka picha isiyozidi sentimita 8.25 kwa 4.45, umbo lililo karibu na mraba kuliko hili, na picha yako ndefu haitaingia humo bila kupangwa upya. Makala ikikataliwa na ukaihamishia huko, anza na ukurasa mtupu wenye vipimo vipya.

Jambo la mwisho hutokea miezi baadaye, marekebisho yanaporudi. Wahakiki wanaomba mrudie hesabu, lita 180 zinakuwa 165, mnarekebisha jedwali, matini na ikisiri. Wakati wa kuwasilisha tena, mfumo unakuorodheshea mafaili ya awali na kukuuliza yapi yaendelee, na mkono unaweka tiki kwa yote. Faili la hoja kuu linasema bado 180, na picha nayo pia. Kwenye ScienceDirect hoja hizo zinakaa karibu na ikisiri, namba mbili tofauti zikitazamana. Kwa hiyo ondoa tiki kwenye mafaili hayo mawili, yafungue upya kando ya majedwali mapya, sahihisha, pakia, halafu isome PDF inayojengwa na mfumo kabla hujabonyeza kuidhinisha.