Mvua Haishiki Kwenye Picha Yenye Jua

Juzi msomaji alinitumia picha na swali fupi: "Kaka, mbona mvua yangu inafanana na mikwaruzo?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa na mteja, tena mbele ya wenzangu, na hadi leo nikilikumbuka masikio yananipata moto.

Picha ile ya mteja ilikuwa ya mtu akivuka uwanja saa saba mchana, upana pikseli 6000. Nilifungua leya mpya kwenye Photoshop, nikaijaza nyeusi, nikaweka Add Noise ya 100% nikiwa nimetia alama kwenye Monochromatic, maana bila hiyo unapata chembe za rangirangi. Nikamalizia na Motion Blur, nikageuza leya kuwa Screen. Nikapata vumbi la kijivu.

Kosa la kwanza lilikuwa ukubwa. Kila chembe ni pikseli moja, na kwenye picha kubwa hivyo haionekani. Siku hizi naikuza leya kwa 300% kabla ya Motion Blur, kisha naweka Angle 75 na Distance kama 60. Motion Blur huchanganya weupe na weusi ukabaki ukijivu, kwa hiyo nafungua Levels na kusogeza kishale cheusi kulia mpaka michirizi mingi ife na michache ibaki. Ukitaka theluji, punguza Distance hadi 8 hivi na uikuze leya zaidi. Theluji haina haraka.

Mvua ikaonekana, lakini mteja akairudisha tena. "Huyu mtu ana kivuli cha jua," alisema. Kweli, kivuli kilikuwa kikali kama kimekatwa kwa wembe, na mvua yangu ilionekana kwenye suruali yake tu! Angani hakukuwa na kitu. Nilikaa usiku mzima nikiongeza leya za mvua, na kadiri nilivyoongeza ndivyo picha ilivyozidi kupauka.

Sababu ni hii: Screen huongeza mwanga tu. Juu ya anga jeupe hakuna cha kuongeza, mchirizi unamezwa. Basi giza litangulie. Shusha sehemu angavu kwa Curves mpaka anga liwe kijivu kizito, punguza Saturation kwa 30, vuta rangi kidogo kuelekea buluu, halafu ufute kile kivuli kwa Clone Stamp. Ndipo ulete mvua, na kwa mask uifute usoni mwa mtu.

Nanyi mnaonunua mabrashi ya mvua kila mwezi, anzeni na anga. Kama kivuli ni kirefu na kimepita juu ya ngazi au nyasi, mimi huiacha picha hiyo na kutafuta iliyopigwa siku ya mawingu. Ile ya uwanjani sikuwahi kulipwa.