Kabla ya kujibu "asante", tafuta alichofanya mtu

Ninafundisha ushonaji mtandaoni, na chini ya kila somo maoni mengi huwa ni shukrani na sifa: "Asante sana mwalimu", "Ubarikiwe", "Uko vizuri". Ukimjibu kila mmoja "Asante, karibu tena", adabu umeitimiza. Lakini yasome majibu hayo yakifuatana. Kila mtu amezungumza na mwalimu kisha akaondoka, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake aliyeandika kabla yake anahangaika na jambo lile lile.

Kwa hiyo nikisoma shukrani, kwanza natafuta kitendo: huyu mtu amefanya nini mpaka akashukuru?

Chini ya somo la zipu ya kuficha, dada mmoja aliandika: "Asante mwalimu, safari hii zipu yangu haikuvimba." Maneno ya kushika hapo ni "safari hii". Maana yake aliwahi kushona ikavimba, na sasa kuna kitu amebadilisha. Nikamjibu: "Hongera dada! Kuvimba kunawasumbua wengi hapa. Ulishonea kitambaa gani, na safari hii ulibadilisha nini?"

Alirudi na maelezo mazuri. Kitambaa chake kilikuwa chepesi, cha kuteleza. Aligandisha kwa pasi ukanda wa kitambaa cha gundi upande wa ndani, pale zipu inapokaa, ndipo akapiga bandi na kushona. Mimi somo lile nililifundishia kitambaa cha pamba kilichokaza, kisichohitaji kugandishwa. Kitambaa chepesi hunyumbuka kikipita chini ya sindano ilhali zipu hainyumbuki, ndiyo maana kinajikunja na kuvimba. Ule ukanda unakizuia kisivutike.

Sasa, kwenye maoni hayo hayo kulikuwa na kijana aliyeuliza kwa nini zipu yake inapinda kama wimbi. Ningeweza kumjibu mwenyewe kwa sentensi mbili. Badala yake nilimtaja kwa jina nikamwandikia: "Soma hapo juu alivyofanya dada, kitambaa chake kinafanana na chako. Kama kuna hatua haijaeleweka, muulize." Akauliza ukanda uwe na upana gani, dada akamwambia sentimita 2 zinatosha, mradi upite kidogo mstari wa mshono. Mimi sikuingilia. Baadaye nilimwomba dada ruhusa, nikaongeza njia yake kwenye maelezo ya somo na kusema imetoka kwake. Ruhusa ni lazima. Wapo wanaopenda kusaidia lakini hawapendi kutangazwa.

Swali unalouliza liwe moja au mawili yaliyoshikana, tena la kujibika kwa mstari mmoja, kutoka kwenye jambo alilolifanya mwenyewe. "Ulitumia kitambaa gani?" hujibiwa. "Umejifunza nini kwenye somo hili?" linamfanya mtu ajione yuko kwenye mtihani, na hukaa bila jibu. Na ukiuliza, rudi. Mtu akikueleza hatua zake zote kisha ukanyamaza, mara nyingine hataeleza tena, na wenzake wameona.

Si kila shukrani ya kuchimbwa. Aliyeandika "asante" tupu, kumjibu kwa alama ya moyo au kwa jina lake na neno moja la upole kunamtosha. Ukimtundikia swali kila anayeshukuru, watu wanahisi unavuna maoni, na watanyamaza hata wenye la kusema. Siku ambayo maoni ni mengi kuliko muda nilio nao, naanza na yale yenye kitendo ndani yake: niliharibu, nilibadilisha, nilimaliza, nilimshonea mtu. Tena nayajibu mapema, kazi ikiwa bado mikononi mwao na wanakumbuka walichokifanya.

Sifa zinazolinganisha zinahitaji uangalifu zaidi. Mtu akiandika "Wewe unawazidi walimu wote", ukishukuru tu umeikubali ile "wote", na pengine aliyejifunza kwa mwalimu mwingine yuko hapo hapo anasoma. Mimi huipokea ile furaha na kuirudisha kwenye kazi: "Nimefurahi limekusaidia. Ni hatua gani ilikuwa inakukwamisha zamani?" Mara nyingi jibu lake huonyesha ni sehemu gani ya somo iliyomfungua, na hapo hukosi mwingine aliyekwama palepale.

Kama njia hii inafanya kazi au la, hesabu ya maoni haikuambii. Mimi natazama swali la mgeni: limejibiwa na nani kabla sijafika? Na aliyejibu, ni yule aliyewahi kushukuru tu? Dada wa zipu sasa hujibu maswali ya vitambaa vya kuteleza kabla yangu, na akikosea kitu namsahihisha kwa kuongezea chini ya jibu lake, bila kulifuta.