Pingili imeteleza gredi 1 kwa kijana wa miaka 15: vyuma au mapumziko?

"Habari za humu. Mwanangu ana miaka 15, anacheza winga, mgongo wa chini unamuuma mwezi wa 3 sasa. Eksirei imesema spondilolisthesisi gredi 1 L5/S1. Tumeambiwa afanyiwe upasuaji wa kuunga pingili na vyuma mapema isije ikateleza zaidi. Tupo Tanga. Nikubali au nisubiri?"

Dada yangu pole na mwana. Mimi ni mfiziotherapia hapahapa Tanga, na hili jambo limeshanikuta ndani ya nyumba yangu, mtoto wa dada nakaa nae Ngamiani, alikua na miaka 14 anarusha mkuki anajiandaa na UMISSETA. Kama mwanao hana ganzi wala udhaifu wa mguu na hajawahi kupumzishwa kisawasawa, ningekua mimi nisingekubali vyuma sasa hivi.

Nyuma ya kila pingili kuna kidaraja chembamba cha mfupa. Pale L5, pingili ya mwisho kabla ya sakramu, ule mfupa ulioshikana na nyonga ambao sehemu yake ya juu ndio S1, kile kidaraja kinabanwa kila mtoto akijipinda nyuma au akijizungusha kwa nguvu, na mrusha mkuki au winga anayepiga krosi siku nzima anafanya hivyo mara maelfu. Mfupa bado unakua, unachoka, unapata ufa, sio wa kuanguka bali wa kuchoka. Huo ufa ndio spondilolisisi. Ukiwa upande mmoja tu pingili inakaa palepale, ukiwa pande zote mbili ndio inaweza kuteleza mbele, na hapo ndio mnaandikiwa hilo jina refu.

Sasa gredi. Ni vipimo vya Meyerding vya tangu 1932 na hata wewe unaweza kuvifanya mezani. Chukua picha ya ubavuni, tazama uso wa juu wa S1, ugawe mara nne. Pingili ya juu ikiwa imetoka mbele isizidi robo ni gredi 1, mpaka nusu ni 2, mpaka robo tatu ni 3, ikizidi hapo ni 4, na ikidondoka kabisa mbele wanaita gredi 5. Mpwa wangu huyu nilimpimia kwa rula yake ya shule, picha nimeibandika kwenye kioo cha dirisha: uso wa S1 milimita 34, kuteleza milimita 6, yaani kama asilimia 18. Gredi 1. Shika asilimia usishike milimita, maana picha moja inakuzwa kuliko nyingine.

Ila nikuambie kilichotukosesha usingizi. Picha yake ya kwanza ilipigwa kalala, tukasoma asilimia 12. Wiki mbili baadae ikapigwa kasimama ndio ikaja hiyo 18, mama yake akalia akijua pingili inakimbia, kumbe mtoto ni yuleyule, ni uzito wa mwili tu umeisukuma. Kwaiyo picha za kufuatilia zote ziwe za ubavuni kasimama, na ulinganishe kasimama na kasimama. Zile za kulalia upande kwa mshazari siku hizi hazihimizwi sana, zinamuongezea mtoto mionzi na faida yake ni ndogo.

Picha ya pili tuliyohitaji ni MRI, tukapanda basi mpaka Dar. Eksirei inakuonyesha imeteleza kiasi gani, haikuambii ufa ni mbichi au ni wa zamani. MRI yenye picha za STIR inaonyesha mfupa uliovimba ndani, unang'aa mweupe, na haina mionzi kabisa. Kwa kijana wetu upande wa kulia uling'aa, wa kushoto ulikua kimya, yaani kushoto ni ufa wa siku nyingi usiotegemewa kuunga, kulia ndio mbichi wenye nafasi. Pia ukaonyesha disk ya L5/S1 nzima na mishipa ya fahamu haijabanwa. CT ndio bingwa wa kuona mfupa wenyewe, kama ufa umeunga au kingo zimeshakua laini, lakini ina mionzi, kwaiyo hiyo iombwe pale jibu lake litabadilisha matibabu, sio kwa mazoea.

Matibabu yenyewe: wiki 12 bila kurusha, bila mpira, bila kuruka. Hapa ndipo wengi wanaharibu, mtoto anapumzika siku 10 maumivu yanapoa anarudi uwanjani, halafu wanasema mapumziko yameshindikana. Sisi wiki ya 3 nilimkuta nyuma ya nyumba anarusha mawe kwenye mwembe, nikamueleza upya kwa kumshika kiuno na kumuonyesha pale panapobanwa, akaelewa. Mkanda wa mgongo hatukuvaa, waliovaa na wasiovaa matokeo hayapishani sana. Mazoezi tulianza alipoweza kutembea bila maumivu: tumbo la ndani, makalio, planki kiuno kikiwa kimenyooka, na kunyoosha misuli ya nyuma ya paja, maana yake ilikua imekakamaa mpaka kufunga kamba za viatu anakunja magoti. Yale ya kulala kifudifudi na kuinua kifua usimpe kabisa wakati huu.

Wiki ya 13 nikamsimamisha mguu mmoja ajipinde nyuma taratibu, kwanza kulia kisha kushoto, hakuna maumivu. Hicho kipimo peke yake hakitoshi kumgundua mgonjwa, ila kumfuatilia mtu unayemjua kinasaidia. Tukaanza kukimbia, kisha kurusha kwa kusimama, mwezi wa 5 ndio mkuki kamili. Ufa wa kushoto haukuunga, na bado anarusha bila maumivu. Kinachomrudisha mchezoni ni maumivu kuisha na misuli kuwa na nguvu, sio lazima mfupa uunge.

Hofu yenu ya kuteleza zaidi ina haki yake, hasa kipindi hiki anarefuka haraka. Lakini kuna watoto 500 wa Marekani walipigwa picha tangu darasa la kwanza, na wale waliokutwa na ufa wakafuatiliwa miaka 45: wa upande mmoja hakuna aliyeteleza, wa pande mbili kasi ilipungua kadiri umri ulivyokwenda na hakuna aliyefika asilimia 40. Hawakua wanamichezo wote, ndio maana mwanao apigwe picha kila miezi 6 mpaka aache kurefuka.

Vyuma vina mahali pake. Kateleza zaidi ya nusu, au picha mbili za kusimama zinaonyesha inaongezeka, au miezi 6 ya matibabu ya kweli imepita na maumivu yapo, au mguu unalegea. Hapo L5 inaungwa na S1, kiungo kile hakitacheza tena na cha juu yake kinabeba zaidi. Daktari akisema atairudisha pingili mahali pake muulize kuhusu mshipa wa fahamu wa L5, maana ukivutwa mguu unaweza kushindwa kuinuka kwenye kifundo. Na siku yoyote akishindwa kukojoa au akafa ganzi pale anapokalia, msisubiri kliniki, ni hospitali saa hiyohiyo.

Niandikie picha yenu ilipigwa kasimama au kalala, na S1 ina milimita ngapi, nitaangalia jioni nikitoka kazini.