Laki tatu zimezaa laki sita, faida iko wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nafungasha asali hapa Tabora mjini. Chupa nauza 12,000, na gharama yake yote ni 9,000. Nilikuwa nauza chupa 1,000 kwa mwezi nikitumia 600,000 kwenye matangazo ya redio na mtandaoni. Mwezi uliopita nilipandisha hadi 900,000, nikauza 1,050. Jamaa wa matangazo anasema kila biashara inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mauzo, na kwa kuwa wateja wangu wanakimbia bei ikipanda kidogo tu, mimi ndiye wa kutangaza zaidi. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, dada yangu. Shika kwanza kalamu tupige hesabu ambayo yeye hakukupigia.

Chupa 50 za nyongeza mara 12,000 ni 600,000. Hapo ndipo anapokupongeza: umetoa laki tatu, zimerudi laki sita. Lakini chupa hizo hukuziokota. Kila moja imeshakula 9,000 ya asali, chupa, lebo na kibarua. Kilichobaki ni 3,000 kwa kila moja, yaani 150,000. Kabla ya kuongeza tangazo ulikuwa unabakiwa na 2,400,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita umebakiwa na 2,250,000. Mauzo yamepanda, faida imeshuka.

Katika kila shilingi ya mauzo yako, robo tu ndiyo inabaki kwako. Kwa hiyo shilingi moja ya nyongeza kwenye tangazo isipovuta mauzo ya shilingi nne, imekula faida. Yako ilivuta mbili.

Hesabu hii si yangu. Wachumi wawili wa Marekani, Dorfman na Steiner, waliiandika mwaka 1954, na inakaa kwenye mstari mmoja:

```
A / (P × Q) = Ea / Ep
```

Upande wa kushoto ni fedha za tangazo zikigawanywa kwa mauzo. Ea ni unyumbufu wa tangazo: ukiongeza tangazo kwa asilimia 1, idadi unayouza inapanda kwa asilimia ngapi. Wewe uliongeza asilimia 50, ukapata asilimia 5, kwa hiyo Ea yako ni 0.1. Ep ni unyumbufu wa bei: bei ikipanda asilimia 1, idadi inashuka kwa asilimia ngapi. Kama bei yako umeipanga pale inapokupa faida kubwa kabisa, kubakiwa na robo kunamaanisha Ep ni 4, yaani moja ukigawanya kwa robo. Gawanya 0.1 kwa 4 upate 0.025, yaani asilimia 2.5 ya mauzo. Kwa biashara yako ni kama 300,000, nusu ya ulichokuwa unatoa hata kabla hujapandisha. Ili ile asilimia 10 yake iwe kweli, Ea ingepaswa kufika 0.4.

Sasa lile linalonichosha, maana nalisikia kila wiki: wateja wanakimbia bei, basi tangaza zaidi. Ep iko chini ya mstari! Ikikua, jibu linapungua. Mwangalie muuza mawese wa Kigoma aliyepanga madumu yake kando ya wenzake kumi. Akipandisha bei kidogo, mteja anahamia dumu la jirani. Faida yake kwa dumu ni nyembamba, kwa hiyo hata tangazo likimletea mtu, mtu huyo anamwachia kidogo mno cha kulilipia redio. Ndiyo maana hatangazi, na hajakosea.

Watakujibu kwamba tangazo zuri linamfanya mteja asijali bei. Inawezekana, ila lina kipimo chake: pandisha bei ya chupa kwa shilingi 500 uone kama wanabaki. Wakiondoka, tangazo halijafanya kazi hiyo.

Hiyo 0.1 nayo usiiapie, ni ya mwezi mmoja. Kama ulikuwa mwezi wa Ramadhani, au mfungashaji mwenzako aliishiwa asali, si chupa zote 50 zilizoletwa na redio. Tangazo pia hukaa masikioni, mwingine ananunua wiki tatu baadaye. Kwa wiki nane, bandika matangazo Nzega, Urambo usibandike, bei iwe ile ile kote, kisha linganisha kila mji na ulivyouza huko kabla. Endelea kuhesabu hata baada ya kuyaondoa.

Na yeyote atakayekuuzia tangazo, iwe la asali, mchele au saruji, mtazame anahesabu nini. Wengi huleta idadi ya waliotazama na waliobonyeza, wajanja zaidi huleta mauzo. Niliwahi kumwandikia vitabu vya hesabu mfanyabiashara wa mchele, na mtu wake wa matangazo alileta ripoti ya kurasa sita yenye rangi. Nilimwomba aongeze safu moja tu, ya kinachobaki baada ya kulipia mchele na magunia. Akaniambia hiyo ni kazi ya mhasibu.