Pipa nililiondoa, kivuli nikakiacha

Jumatatu msomaji mmoja aliniandikia kwenye WhatsApp: "Kaka, kila nikikata picha ili nitoe kitu kinachosumbua, inayobaki inakuwa kama imeelemea upande mmoja. Nakosea wapi?" Aliambatisha picha ya mtoto na nguzo ya umeme. Hiyo nguzo nitairudia. Swali lake limenikumbusha aibu ambayo hadi leo sijaizoea, na kwa kuwa wengi mnaonisoma mnataka kulipwa kwa kazi hii, afadhali niieleze yote.

Mwaka jana nilimpiga binti mmoja picha za mahafali pale Arboretum, Nairobi. Kazi ilikuwa nzuri, nasema bila haya. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua limeinama upande wa kulia, binti amekaa kwenye benchi na joho lake, amegeuza uso kuelekea mwanga. Nyuma yake kulia kulikuwa na shina la jakaranda, jeusi na nene. Kosa lilikuwa moja tu: pembeni kabisa kulia palikuwa na pipa la taka la manjano. Nililiona nikiwa bado nimeshika kamera. Nikajiambia, nitalikata nyumbani.

Nyumbani nikalikata kwa dakika moja. Nikavuta ukingo wa kulia hadi pipa likatoka, nikabakiza umbo lilelile la picha kwa sababu mama yake alishanunua fremu ya inchi 12 kwa 18, nikapeleka River Road ikachapwa, nikapokea pesa yangu kwa M-Pesa. Wiki mbili baadaye mama akanipigia.

"Mwanangu, nakuuliza jambo, usinifiche. Nani alikuwa amesimama karibu na mtoto wangu mkamtoa?"

Nikamwambia hakukuwa na mtu.

"Mbona kivuli chake kipo?"

Shangazi wawili walikuwa wameshaitazama ile picha ukutani na kukata shauri kwamba binti ana mchumba anayefichwa. Kisha mama akamalizia kwa sauti ya chini, na hii ndiyo iliyoniuma zaidi: "Na viatu vyake umevikata nusu. Nilimnunulia mimi."

Nikarudi nyumbani nikafungua picha ya asili. Nashukuru sikuwa nimeifuta, na wewe usiwahi kufuta ya asili, hata mteja akishalipa. Nakupitisha kwenye hesabu yake kwa sababu ndani ya hiyo picha moja kuna karibu kila kosa la ukataji.

Picha ilikuwa na upana wa pikseli 6000 na kimo cha 4000. Ukihesabu kutoka kushoto, uso wa binti ulikuwa kwenye 2000, yaani theluthi ya kwanza kamili. Kwa hiyo mgongoni mwake palikuwa na pikseli 2000 na mbele ya macho yake 4000. Shina la jakaranda lilikuwa kwenye 4300, na pipa lilianzia 5300. Nilipokata mara ya kwanza nilisimamisha kisu kwenye 5250, hatua chache tu kabla ya pipa, nikafurahi. Sikuona kwamba jua la kulia lilikuwa limelaza kivuli cha pipa kwenye nyasi kuelekea ndani ya picha, hadi karibu na 5000. Pipa likionekana, kivuli ni cha pipa. Pipa likiondoka, kivuli kinakuwa cha mtu. Mimi nisingekiona kwa sababu nilijua kuna pipa. Shangazi hawakujua.

Basi jambo la kwanza, kitu kinachosumbua hakiishii pale rangi yake inapoishia. Kina kivuli, mara nyingine kina taswira yake kwenye kioo cha dirisha au dimbwi la maji. Ukikata, kata vyote. Kipande kidogo kilichobaki ukingoni kinavuta jicho kuliko kitu kizima, kwa kuwa jicho linataka kujua kilikuwa nini.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na ndilo jibu la yule msomaji. Nilipokata upande wa kulia peke yake, nafasi ya mbele ya binti ilishuka kutoka 4000 hadi 3250, lakini ya mgongoni ilibaki 2000 ileile. Binti akatoka kwenye theluthi, akasogea kuelekea katikati bila kufika. Hakuwa pembeni, hakuwa katikati. Nyuma ya mgongo wake pakabaki uwanja wa nyasi usio na kazi yoyote, mbele pakabanwa. Huko ndiko kuelemea anakosema msomaji wangu. Kosa si kwamba alikata, ni kwamba alikata upande mmoja.

Tiba yake ni hesabu ya sokoni. Kama mbele palikuwa na nafasi mara mbili ya nyuma, na wewe ukaupenda mgao huo, basi kila unachokata mbele, kata nusu yake nyuma. Mimi nilihitaji kuondoa 1000 kulia, ili ukingo uwe kwenye 5000 na kivuli kitoke. Kwa hiyo nikaondoa 500 kushoto. Mgongoni pakabaki 1500, mbele 3000, uso ukarudi kwenye theluthi. Upana ukawa 4500. Ndiyo, unakata na upande usio na hatia. Mkono unakataa, lakini kata.

Natumia GIMP, ni ya bure. Bonyeza `Shift+C`, kwenye chaguo za kifaa cha kukata utaona `Position` na `Size`, uandike namba badala ya kuvuta kwa kubahatisha. Pale kwenye miongozo chagua `Rule of thirds` ili mistari ya theluthi ionekane. Toa alama kwenye `Delete cropped pixels`, ili ulichokata kisipotee.

Sasa viatu. Binti alianzia juu kwenye 1000, palipo ncha ya kofia, na soli zake ziliishia 3600. Umbo la 12 kwa 18 ni tatu kwa mbili, kwa hiyo upana wa 4500 unakupa kimo cha 3000. Mtu ana 2600 peke yake. Anaingia, lakini kofia na soli zote zinabaki zimekaribia kingo, kama abiria wa matatu aliyeinamisha kichwa. Mara ya kwanza nilikuwa nimekata chini kwenye 3500 ili nibakize majani mazuri juu ya kichwa, na ndiyo nikapita katikati ya viatu. Mguu haukatwi kwenye kiungo wala kwenye kiatu. Ama uuache mzima na nafasi chini yake, ama upandishe kisu hadi katikati ya paja watu waone umekusudia.

Nikaacha kung'ang'ania umbo. Nikachukua tano kwa nne: upana 4500, kimo 3600, kuanzia 200 juu hadi 3800 chini. Chini ya soli pakabaki 200, juu ya kofia 800. Hilo ndilo ninalotaka vijana walisikie, umbo la picha ni mali yako, si la kamera. Wengi mnafungia uwiano kwa kuwa simu imewaletea hivyo, halafu mnawakata watu miguu kulinda uwiano ambao hakuna aliyewaomba.

Kuna kitu kingine nilijaribu kwa umbo hilo kabla ya kuchapa, nikashindwa, na kushindwa kwenyewe kulinifundisha. Nilitaka kubana zaidi, nikate kulia kwenye 4200 ili hata lile shina litoke na abaki binti peke yake. Kwa hesabu ileile, kushoto ningekata 900, upana ungekuwa 3300 na kimo 2640. Mtu wa 2600 ndani ya 2640! Hata bila hesabu, picha ilipooza. Fundi wa kuchapa kule River Road ndiye aliyenionyesha sababu. Alichukua karatasi mbili za majaribio akazigeuza juu chini mezani. Picha ikiwa juu chini huoni tena binti, unaona mizigo tu. Ile yenye shina ilikuwa na doa kubwa upande mmoja na doa jembamba jeusi mbali upande wa pili, zikashikana kama mkokoteni wa Gikomba uliopakiwa vizuri: gunia zito karibu na ekseli, jepesi mbali nyuma. Ile isiyo na shina ilikuwa na gunia moja.

Yaani pipa langu la manjano, pamoja na ubaya wake, lilikuwa likibeba uzito upande wa kulia. Ukiliondoa lazima uangalie nani analipokea zigo. Kwangu lilikuwa shina, na lilikuwepo siku zote, ila rangi ya manjano ililimeza. Tangu hapo sikati kabla ya kugeuza picha juu chini, na nikimaliza naigeuza kushoto kulia kwa `Flip Horizontally`, kisha naipunguza iwe ndogo kama stempu. Ikilegea, hapo inaonekana.

Mtu ataniuliza kwa nini nisilifute pipa kwa kupaka nyasi juu yake. Picha ya mahafali, futa ukitaka. Lakini ukizoea hivyo, siku utakayopeleka kazi kwenye shindano kama World Press Photo utakwama, kwa sababu kule kukata kingo kunaruhusiwa na kufuta kitu ndani ya picha hakuruhusiwi. Jifunze kisu kwanza.

Nilichapa upya inchi 16 kwa 20, ambayo ni tano kwa nne, nikanunua fremu mpya kwa pesa yangu. Pikseli 4500 kwa inchi 20 ni 225 kwa kila inchi. Wapo wanaoapa kwa 300, lakini picha ya ukutani hutazamwa ukiwa umesimama, na sijaona aliyelalamika. Mama aliipokea, akaangalia viatu kwanza.

Sasa nguzo yako, ndugu yangu. Mtoto anatazama kushoto, na nguzo iko kushoto, upana wa kiganja kutoka kwenye pua yake. Ukiikata utambana uso ukutani, na hakuna namba za kushoto na kulia zitakazokupa nafasi ya mbele ambayo haikuwepo. Hiyo haikatwi. Mtoto ni wa jirani yako, umesema mwenyewe. Kesho jioni mwite tena, usogee hatua mbili kulia kwako, utaona nguzo inapita nyuma ya kisogo chake.